Kutoa nakala ya mazungumzo ya WhatsApp kwa ajili ya kumbukumbu za mauzo: na picha au bila picha, na kikomo chake



Biashara ya maharage na ndizi siku hizi inafanyika kwenye WhatsApp zaidi kuliko kwenye karatasi. Bei inatajwa humo, kilo zinatajwa humo, picha ya mzani inatumwa humo. Daftari la mauzo mara nyingi linajazwa baadaye, na wengine halijazwi kabisa. Kwa hiyo mkisha kutofautiana na mnunuzi, kitu cha kwanza unachofanya ni kupandisha meseji kwa kidole, unapandisha, unapandisha, mpaka bando na chaji vinaisha.

Kuna njia rahisi zaidi. WhatsApp inakuruhusu kutoa mazungumzo mazima kama faili moja la maandishi, ukalihifadhi, ukalisoma, ukatafuta neno ndani yake, hata ukachapisha. Vijana wengi wanajua kwamba kitu hicho kipo. Wasichokijua ni kwamba faili hilo lina kikomo, na kikifikiwa, programu inakata meseji za zamani bila kukuambia. Somo la leo ni hilo: namna ya kutoa nakala, lini uchague na picha na lini bila picha, na namna ya kujua kama nakala yako imekatwa.

Hatua zenyewe

Kwenye simu ya Android, fungua mazungumzo unayoyataka, iwe ya mtu mmoja au ya kundi. Bonyeza vidoti vitatu vilivyo juu kulia. Chagua `More`, kisha `Export chat`. Hapo utaulizwa swali moja: `Without media` au `Include media`. Ukishachagua, simu itakuuliza unapeleka wapi: baruapepe, Drive, au programu nyingine iliyomo kwenye simu yako.

Kwenye iPhone, fungua mazungumzo, bonyeza jina la mtu au la kundi pale juu, shuka mpaka chini, utaona `Export Chat`. Swali ni lile lile, ila maneno yanabadilika kidogo: `Attach Media` au `Without Media`.

Usihangaike kulitafuta jambo hili kwenye kompyuta.  Nakala inatolewa kwenye simu.

Ushauri wangu ni kwamba jitumie faili kwa baruapepe yako mwenyewe, siku hiyo hiyo. Faili likikaa kwenye simu tu, simu ikiibiwa mnadani, na kumbukumbu imeondoka nayo. Likiwa kwenye baruapepe, unalo hata ukibadilisha simu, na baruapepe yenyewe inaonyesha tarehe uliyolituma.

Ukilifungua utaona nini

Faili la maandishi linaishia na `.txt`. Halina rangi wala vibox vya kijani. Kila meseji ni mstari unaoanza na tarehe, saa, jina la aliyeandika, halafu maneno yake. Kwenye Android linafanana na hivi:

```
14/01/2025, 07:42 - Mnunuzi Omurushaka: Naweza kuchukua kilo 1,200
14/01/2025, 07:45 - Kijana Nkwenda: Bei 2,300 kwa kilo, bila kukata
14/01/2025, 07:51 - Mnunuzi Omurushaka: <Media omitted>
14/01/2025, 07:58 - Mnunuzi Omurushaka: Sawa, nakubali
```

Mambo matatu uyaangalie hapo kabla hujaendelea.

La kwanza ni saa. Faili linaandika saa kwa mfumo wa simu yako, siyo kwa Kiswahili. Hiyo 07:42 ni saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi. Ukiona 19:10, ni saa moja na dakika kumi usiku. Ukikaa mbele ya wazee wa baraza au mtendaji wa kijiji, soma kwa saa zetu, usije ukawachanganya watu.

La pili ni tarehe. Simu nyingine zimepangwa kuandika mwezi kwanza halafu siku. Ukiona 06/07, inaweza kuwa tarehe 6 Julai au 7 Juni, na kwa mtu wa maharage mwezi mmoja unabadilisha bei kabisa. Ili ujue, tafuta ndani ya faili tarehe yenye namba inayozidi 12. Ukiona 14/01, basi siku inatangulia. Ukiona 01/14, basi mwezi ndio unatangulia.

La tatu ni jina. Jina linaloonekana ni lile ulilolihifadhi wewe kwenye simu yako. Ukimwandika mtu "Mnunuzi Omurushaka", faili nalo litasema hivyo hivyo, na namba yake haitaonekana popote. Mtu anaweza kukuuliza: nitajuaje kwamba huyu ndiye? Kwa hiyo siku unayotoa nakala, fungua ukurasa wa huyo mtu kwenye WhatsApp, pale jina na namba vinapoonekana pamoja, piga picha ya skrini, uihifadhi na faili. Ambaye hukumhifadhi, faili litaandika namba yake yenyewe.

Na picha au bila picha?

Angalia tena ule mstari wa tatu kwenye mfano: `<Media omitted>`. Maana yake ni kwamba pale palikuwa na kitu, inaweza kuwa picha, video au meseji ya sauti, lakini hakikuingia kwenye faili kwa sababu ulichagua bila picha. Faili linakuonyesha tu kwamba kuna kitu kilitumwa saa hiyo na nani alikituma. Kilikuwa kinasema nini, huwezi kujua kwa kusoma faili.

Hapa ndipo wengi wanaumia, kwa sababu sisi tunapenda kurekodi sauti. Mtu yuko shambani, mikono ina udongo, anabonyeza maiki anasema bei. Mnunuzi naye anajibu kwa sauti. Mwisho wa siku makubaliano yote ya bei ni mistari sita ya `<Media omitted>`.

Ukichagua na picha, faili la maandishi litakuja pamoja na picha, sauti na video zenyewe. Kutegemea toleo la programu yako, vitakuja vimefungwa ndani ya faili moja la `.zip` au vitakuja kama faili nyingi zilizoambatana. Ndani ya maandishi, mahali pa `<Media omitted>` utaona jina la faili, kwa mfano `IMG-20250114-WA0003.jpg`. Namba za katikati ni mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo hata picha ikitengana na maandishi unaweza kuirudisha mahali pake. Meseji za sauti zinaanza na `PTT` na kuishia na `.opus`.

Lakini kuna sharti: picha ambayo hukuifungua ikashuka kwenye simu yako, au uliyoifuta ili kupata nafasi, haitaingia. Programu inachukua kilichopo ndani ya simu, haiendi kutafuta kwingine. Kwa hiyo kabla ya kutoa nakala yenye picha, pitia kwanza zile meseji muhimu, uhakikishe picha za mzani na za stakabadhi zinafunguka.

Kikomo: 40,000 na 10,000

Sasa tuje kwenye kiini. Mwongozo wa WhatsApp kwa simu za Android unasema hivi: ukitoa bila picha, unapata meseji 40,000 za mwisho. Ukitoa na picha, unapata meseji 10,000 za mwisho. Sababu waliyoitoa ni ukubwa ambao baruapepe inaweza kubeba.

Neno la kushika ni hilo "za mwisho". Programu inaanza kuhesabu kutoka meseji ya leo kurudi nyuma. Ikifika kikomo, inasimama. Za zamani zaidi ya hapo haziingii, na hutaona onyo lolote. Faili litafunguka vizuri, litaonekana limekamilika, kumbe kichwa chake kimekatwa.

Kwa mazungumzo yako na mtu mmoja, kikomo hiki kiko mbali. Hata mkiandikiana meseji 30 kila siku, jambo ambalo ni la msimu tu, 10,000 zitafika baada ya siku 333, karibu mwaka mzima. Tatizo liko kwenye makundi. Kundi lenye vijana wengi, salamu za asubuhi, picha za mechi, matangazo ya misiba na meseji za kusambazwa, linaweza kufika meseji 120 kwa siku bila shida. Kwa kasi hiyo 10,000 zinaisha ndani ya siku 83, yaani chini ya miezi mitatu. Zile 40,000 zinafika siku 333.

Na msimu wetu wa maharage, kuanzia kukubaliana bei mpaka kumaliza kulipana, mara nyingi unazidi miezi mitatu.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho

Tuseme wewe ni kijana wa Nkwenda, Kyerwa. Umevuna maharage ya vuli, na mwezi Januari unauza kwa mnunuzi wa Omurushaka. Wote mko kwenye kundi moja la wauzaji wa maharage, na makubaliano yalifanyika humo humo, wengine wakiona. Tarehe 14 Januari 2025 mlikubaliana kilo 1,200 kwa shilingi 2,300 kwa kilo, bila kukata chochote kwenye uzito. Jumla ni shilingi 2,760,000. Alikupa kianzio shilingi 500,000, akaahidi kumaliza salio la 2,260,000 mwishoni mwa Machi. Siku ya kupakia ulituma picha ya mzani kwenye kundi.

Aprili inafika, analeta 2,122,000. Ukiuliza, anasema amekata kilo tano kwa kila gunia kwa ajili ya takataka, magunia yalikuwa 12. Piga hesabu: kilo 60 mara 2,300 ni shilingi 138,000. Ndiyo hela inayokosekana. Yeye anasema kukata ni kawaida ya soko na mlikubaliana. Wewe unasema mlikubaliana bila kukata.

Tarehe 20 Aprili unaamua kutoa nakala ya kundi. Unafikiri, kwa kuwa kuna picha ya mzani, nichague na picha. Kutoka 14 Januari mpaka 20 Aprili ni siku 96. Kwa meseji 120 kwa siku, zimepita meseji kama 11,520. Faili lako lenye picha linabeba 10,000 tu za mwisho, kwa hiyo linaanzia kama tarehe 27 Januari. Makubaliano ya tarehe 14 hayamo. Picha ya mzani haimo. Una utani na matangazo ya wiki kumi na mbili, halafu kile ulichokitafuta ndicho kilichobaki nje.

Ungejuaje? Fungua faili, angalia tarehe kwenye mistari ya mwanzo kabisa. Nakala iliyokamilika kwa kawaida huanza na ule ujumbe wa programu yenyewe unaosema meseji na simu zimefichwa kwa usimbaji, au na taarifa ya kundi kuanzishwa au wewe kuingizwa. Nakala iliyokatwa inaanza katikati ya maongezi, mtu anajibu swali ambalo hulioni. Ukiona tarehe ya kwanza ni ya baadaye kuliko siku mliyokubaliana, nakala hiyo haikusaidii, hata iwe na kurasa mia.

Njia ya kutoka ni hii. Toa nakala ya pili, safari hii bila picha. Kikomo kinapanda mpaka 40,000, na zile 11,520 zote zinaingia. Sasa maneno ya tarehe 14 unayo: bei, kilo, na "bila kukata", na jibu lake "Sawa, nakubali". Picha ya mzani itaonekana kama `<Media omitted>`, lakini mstari huo unakupa tarehe na saa yake. Rudi kwenye kundi, bonyeza jina la kundi, ingia sehemu ya picha na nyaraka, pale picha zimepangwa kwa miezi. Nenda Januari, itafute picha ya saa ile, uitume kwenye baruapepe yako pamoja na faili la maandishi. Meseji ya sauti nayo unaweza kuibonyeza kwa muda na kuituma hivyo hivyo.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni kwamba maandishi yatoke bila picha, halafu picha chache zenye maana uziongeze kwa mkono. Chaguo la na picha libakize kwa mazungumzo ya mtu mmoja, yasiyo marefu, na ulifanye mzigo ukishapakiwa tu, usingoje ugomvi.

Ukubwa wa faili na bando

Maandishi ni mepesi. Meseji moja pamoja na tarehe na jina lake tukiikadiria herufi 80, meseji 40,000 zinakuwa kama MB 3 hivi. Hiyo inakwenda kwa baruapepe bila kusumbua, hata kwa mtandao wa kuyumba wa kule Murongo.

Picha ndizo nzito, na video ni nzito zaidi. Gmail inapokea viambatanisho vya jumla ya MB 25, lakini faili likifungwa kwa ajili ya kusafiri kwa baruapepe linaongezeka uzito karibu theluthi moja. Kwa hiyo ukiwa chini ya MB 18 uko salama. Likizidi, Gmail itakupendekezea kulipandisha kwenye Drive na kutuma kiungo. Hiyo inafaa, ila kumbuka Drive ya bure ina GB 15 kwa jumla pamoja na baruapepe na picha zako zote.

Kama kundi limejaa video za kuchekesha, nakala yenye picha itabeba na hizo. Hakuna namna ya kuiambia programu ichukue picha za mzani tu iache video. Ni zote au hakuna. Hii ni sababu nyingine ya kupenda njia ya bila picha.

Kinachopotea kabla hujatoa nakala

Nakala inachukua kile kilichopo dakika hiyo. Mtu akifuta meseji yake kwa wote, faili litaandika tu kwamba meseji hiyo ilifutwa, maneno hayarudi. Programu inaruhusu mtu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na saa kumi na mbili tangu atume. Akiihariri, jambo ambalo anaweza kulifanya ndani ya dakika 15, faili litaonyesha maneno mapya na alama kwamba imehaririwa.

Angalia pia kama mazungumzo yamewekewa meseji zinazojifuta zenyewe. Zipo za saa 24, siku 7 na siku 90. Mnunuzi akiweka siku 7, makubaliano ya leo hayatakuwepo wiki ijayo, ukitoa nakala mwezi ujao unatoa gamba tupu. Ikiwashwa, taarifa inaonekana ndani ya mazungumzo yenyewe. Ukiiona, usiipite.

Kuna jambo jingine lililokuja mwaka 2025, linaitwa `Advanced chat privacy`. Likiwashwa kwenye mazungumzo, kutoa nakala kunazuiwa. Ukibonyeza `Export chat` ikakataa, angalia kwanza hapo. Mwombe mwenzio au kiongozi wa kundi alizime, na akikataa, piga picha za skrini za ile sehemu ya makubaliano, tarehe ikionekana.

Na mwisho, kundi uliloingizwa Februari, nakala yako inaanzia Februari. Ukihitaji ya Januari, mwombe aliyekuwemo atoe kwenye simu yake.

Faili hili siyo chelezo

Watu wanachanganya vitu viwili. Chelezo ni ile nakala ambayo WhatsApp inaihifadhi yenyewe ili ukinunua simu mpya meseji zirudi. Chelezo hurudi ndani ya WhatsApp, lakini huwezi kuifungua ukaisoma. Faili la `.txt` ni kinyume chake: unaweza kulisoma popote, lakini huwezi kulirudisha ndani ya WhatsApp likawa mazungumzo tena. Kwa hiyo usifute mazungumzo kwenye simu eti kwa sababu umeshatoa faili.

Kuna sababu ya pili ya kutofuta. Faili la maandishi mtu yeyote anaweza kulifungua na kubadilisha 2,300 ikawa 2,500. Mnunuzi anajua hivyo, na mtu wa kusuluhisha anajua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ujumbe wa kielektroniki hauwezi kukataliwa kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini sheria hiyo hiyo inataka kuangaliwa jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na jinsi aliyeutuma anavyotambulika. Kwa lugha ya shambani: faili linakusaidia kupata mahali na kuonyesha mtiririko, ila simu yenye meseji zenyewe ndiyo inayoliunga mkono. Kwa hiyo faili la asili usiliguse, hata kurekebisha herufi. Ukitaka kupiga mistari au kuandika maelezo, fanya kwenye nakala ya pili.

Andika ili faili lisome

Kwa kuwa unajua sasa kwamba sauti inageuka `<Media omitted>`, badili kidogo namna unavyokubaliana. Mkimaliza kuongea kwa sauti au kwa simu ya kawaida, andika meseji moja fupi ya kufunga. Mfano: "Ndugu, tumekubaliana kilo 1,200 za maharage, sh 2,300 kwa kilo, uzito wa mzani bila kukata, kianzio 500,000, salio mwisho wa Machi. Ni sawa?" Ngoja ajibu kwa maandishi. Akijibu kwa sauti, mwambie kwa heshima: "Naomba uniandikie tu neno sawa, kwa ajili ya kumbukumbu." Mnunuzi mwenye nia njema haoni shida.

Fanya hivyo hivyo kwa malipo. Ujumbe wa hela za simu unakuja kwa meseji ya kawaida, siyo WhatsApp, na ukimtumia mwenzio picha yake ya skrini, kwenye faili inakuwa `<Media omitted>` tena. Andika: "Nimepokea 500,000 leo", na namba ya muamala. Mstari huo utauona hata baada ya mwaka.

Tena usitumie neno gunia peke yake. Gunia la rumbesa na gunia la kilo 100 ni vitu viwili, na faili haliwezi kukuambia mlimaanisha lipi. Andika kilo.

Ratiba

Kwa mazungumzo ya mnunuzi mmoja, toa nakala mara mbili: siku mzigo unapopakiwa, na siku salio linapomalizika. Kwa kundi lenye maneno mengi, toa bila picha kila mwisho wa mwezi wakati wa msimu. Lipe faili jina linaloeleweka, kama `2025-01-maharage-omurushaka.txt`, mwaka ukitangulia ili yajipange yenyewe. Kisha lifungue palepale, soma mstari wa kwanza na wa mwisho, hakikisha tarehe zote mbili zinafunika biashara yako. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Wale wa kahawa nao, matangazo ya minada na malipo yanayopita kwenye makundi ya AMCOS yanatoka kwa njia hii hii. Lakini kwa kahawa usisahau kwamba stakabadhi ya AMCOS yenye kilo zako ndiyo karatasi ya msingi. Ipige picha ikiwa bado mpya, kabla wino haujafifia, na uiweke pamoja na faili.